Upele ao tenye? Namna veterineri anatofautisha magonjwa ya ngozi ya mbwa, na kile kinaweza kupita kwa mutu

Mbwa akianza kupoteza manyoya, katika parseli nyingi za Butembo na Beni hukumu inatoka mbio: "Hii ni gale." Mbwa anapakwa mafuta ya vidanje, ao anafungwa nyuma ya choo, ao anafukuzwa barabarani. Kisha mutoto anatokea na alama ya mviringo kwenye shingo, baba anaanza kujikuna mikono, na kila mutu anasema mbwa njo ameleta yote.

Pengine ni kweli, pengine hapana. Kuna magonjwa mawili ambayo kwa macho yanafanana sana kwa mbwa: upele, ule wengi wanaita gale, na tenye, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaita choa. Yote mawili yanatoa manyoya. Yote mawili yanaweza kugusa mutu. Lakini moja inapita kwa mutu kwa muda mufupi tu kisha inaisha, na ingine inakaa kwake na kuendelea kwa mwengine. Ukichanganya hayo mawili, utatibu mbwa bure, na mutoto atabaki na ugonjwa wake.

Kadudu moja, kuvu moja

Upele unaletwa na kadudu kenye miguu 8, jamaa ya kupe, lakini kadogo sana. Madaktari wanakaita sarkopte. Jike lake halifikii nusu ya milimita, kwa hiyo macho matupu hayakaoni. Linachimba njia ndani ya ngozi ya juu ya mbwa na kutaga mayai humo. Toka yai mpaka kadudu kakubwa ni karibu majuma 3. Mwili wa mbwa unachukia sana tududu hutu, mate yatwo na mavi yatwo, na hiyo njo sababu ya mukuno mukali. Mbwa mwenye upele halali. Anajikuna usiku na muchana, anajing'ata, anajisugua kwenye ukuta mpaka ngozi inakuwa nyekundu, kisha inakuwa nene yenye maganda.

Tenye haiko kadudu. Ni kuvu, ile watu wanaita shampinyo, inayokula manyoya, ngozi ya juu na kucha. Ile inayoonekana zaidi kwa paka na mbwa inaitwa mikrosporumu ya mbwa, hata kama kwa kweli paka njo nyumba yake ya kwanza. Kuvu inaingia ndani ya unyoya, unyoya unakuwa dhaifu na kukatika karibu na ngozi. Inaendelea kwenda nje pole pole kama moto unaochoma majani makavu: katikati panapona, pembeni panawaka. Kwa hiyo unapata mviringo. Mbwa mwenye tenye mara mingi hajikune sana, anakula na kucheza kama kawaida.

Kuna kadudu kengine kanaitwa demodeksi, nako kanachanganya watu. Kanaishi ndani ya mashimo ya manyoya ya karibu kila mbwa, kalipita kutoka kwa mama siku za kwanza za kunyonya. Kwa mbwa mudogo ambaye nguvu ya mwili iko chini, kanaongezeka na manyoya yanaanguka kuzunguka macho, kwenye mudomo na miguu ya mbele. Mbwa huyu hajikune sana mwanzoni, na haambukize mutu hata kidogo. Wengi wanafukuzwa bila sababu.

Veterineri anaanza wapi

Kitu cha kwanza ni maulizo. Mukuno ulianza lini? Unazidi usiku? Kuna mbwa mwengine jirani anayejikuna? Kuna paka mudogo ndani ya nyumba? Kuna mutu anayejikuna, na anajikuna fasi gani ya mwili? Maulizo haya yanaonekana ya bure, lakini mara mingi yanaelekeza nusu ya njia.

Kisha anaangalia fasi zilizoguswa. Upele unapenda fasi zenye manyoya machache: pembe za masikio, viwiko vya miguu ya mbele, visigino vya nyuma, tumbo na kifua. Mugongo mara mingi unabaki muzima mwanzoni. Tenye haichague namna hiyo: inaweza kutokea kwenye kichwa, pua, muguu ao mukia, kama sarafu iliyowekwa hapa na pale.

Halafu anafanya kitu ambacho hata wewe unaweza kuona. Anashika ncha ya sikio la mbwa, anaikunja na kuisugua pole pole kwenye shina la sikio lile lile kwa sekunde 5 hivi. Mbwa mwenye upele, muguu wake wa nyuma wa upande ule unaanza kupiga kama anajikuna, bila yeye kutaka. Karibu mbwa 8 juu ya 10 wenye upele wanafanya hivyo. Mbwa asiyekuwa na upele hafanye mara mingi. Haiko uhakika wa mwisho, lakini ni alama yenye nguvu na haiombe franka hata moja.

Wembe, mafuta na mikroskopu

Sasa inafika kazi ya kukwangua. Veterineri anaweka tone la mafuta ya parafini kwenye ngozi, anachukua wembe usio mukali tena, na kukwangua mpaka ngozi inakuwa nyekundu kidogo. Hachague fasi ambayo mbwa amekwisha kujichuna mpaka damu, juu hapo mbwa mwenyewe ametoa tududu. Anachagua pembe ya sikio na kiwiko, fasi yenye vipele vidogo na maganda. Ile aliyokwangua anaiweka kwenye kipande cha kioo na kuangalia ndani ya mikroskopu. Kadudu kazima, yai moja, ao hata mavi yako ya rangi ya kahawa, kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kusema: ni upele.

Hapa njo watu wanakosea. Mbwa mwenye upele mukali anaweza kuwa na tududu kumi ao ishirini tu kwenye mwili wote. Kwa hiyo kukwangua kunakosa kukaona mara nyingi, zaidi ya nusu ya mbwa wagonjwa katika uchunguzi mwingi. Matokeo matupu hayasemi kwamba mbwa ni muzima. Veterineri mwenye uzoefu anakwangua fasi 5 ao zaidi. Asipoona kitu, lakini mukuno ni mukali na sikio limejibu, anatoa dawa ya upele na kuangalia kama mbwa anapona. Kupona kwenyewe kunakuwa jibu.

Kwa demodeksi kazi inabadilika: anafinya ngozi kati ya vidole na kukwangua zaidi ndani, mpaka damu kidogo inatoka, juu kadudu kale kanakaa chini kwenye shina la unyoya. Kako na umbo la sigara, na kakiwa kengi hakafichame.

Kwa tenye, wembe haufae sana. Veterineri anang'oa manyoya yaliyokatika pembeni ya mviringo, pale ugonjwa unaendelea, hapana katikati palipopona. Anayaweka kwenye tone la potasi inayoyeyusha maganda, na kutafuta ndani ya mikroskopu unyoya uliovimba, uliozungukwa na vimbegu vidogo kama muchanga. Inaomba jicho lililozoea.

Kuna pia taa ya Wood, taa inayotoa mwangaza wa zambarau. Katika chumba chenye giza, manyoya yenye mikrosporumu yanaweza kung'aa rangi ya kijani, kama tofaa bichi. Lakini inafaa unyoya wenyewe njo ung'ae, toka shina. Maganda, pomadi, sabuni na vumbi vinang'aa pia, rangi ya nyeupe ao bluu, na vimedanganya wengi. Tena kuna kuvu zingine za tenye ambazo hazing'ae hata kidogo. Taa ikionyesha kijani, inasaidia. Isipoonyesha, hujue bado.

Jibu la uhakika zaidi ni kupanda manyoya ndani ya chakula cha kuvu katika laboratwari na kungojea. Inaomba majuma 2 mpaka 3, na laboratwari yenyewe. Butembo iko na fakilte ya udaktari wa wanyama kwenye Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, na hapo njo fasi moja ya kuulizia kama uchunguzi kama huu unaweza kufanyika. Fasi nyingi za vijiji vya Lubero na Beni, veterineri anabaki na macho yake, wembe na mikroskopu kama iko.

Mfano: parseli moja, magonjwa mawili

Tutunge mfano ili ieleweke. Katika kartie moja ya komini ya Kimemi, familia iko na mbwa wa kilo 12, analala jikoni karibu na moto juu usiku wa Butembo ni wa baridi. Tangu mwezi mmoja anajikuna bila kupumzika. Pembe za masikio zimekuwa na maganda, viwiko havina manyoya. Baba, anayemushika kila asubuhi kumufunga, ana vipele vidogo vyekundu kwenye mikono na tumbo. Mutoto wa miaka 6 ana mviringo mwekundu shingoni. Familia inataka kumuua mbwa.

Veterineri anasugua sikio: muguu unapiga. Anakwangua fasi 5. Nne hazina kitu, ya tano iko na yai moja. Basi mbwa ana upele, na vipele vya baba vinaelewana nao. Lakini mviringo wa mutoto haulingane na upele. Veterineri anauliza: kuna paka? Ndiyo, kapaka kadogo kalikotoka soko juma tatu zilizopita, mutoto analala nako. Kwa macho kako kazima. Wakitafuta vizuri, wanaona maganda kidogo nyuma ya sikio, na chini ya taa manyoya yanang'aa kijani.

Basi mbwa aliambukiza baba, paka aliambukiza mutoto. Kama mbwa angeuawa, mviringo wa mutoto ungebaki, na paka angeendelea kulala juu ya mukeka wake. Paka wengi wanabeba tenye bila alama yoyote, na kwa hiyo hakuna anayewashuku.

Inapita kwa mutu namna gani

Kadudu ka upele wa mbwa kanaweza kupanda kwenye ngozi ya mutu, kuuma na kuanza kuchimba. Mukuno unaanza mbio, mara mingi ndani ya siku chache, kwenye fasi zilizogusana na mbwa: mikono, kifua, tumbo, mapaja. Lakini ngozi ya mutu haiko nyumba yako. Hakawezi kuzaa vizazi hapo, kanakufa. Mbwa akitibiwa, mukuno wa mutu unaisha wenyewe ndani ya majuma machache. Mbwa asipotibiwa, tududu tupya tunapanda kila siku, na mukuno hauishe.

Upele wa watu ni ingine. Kadudu kake ni ndugu wa kale ka mbwa, lakini kamezoea mutu na kanapita kutoka mutu kwa mutu, hasa kwa kulala pamoja ao kushikana kwa muda murefu. Unakaa kati ya vidole, kwenye viganja vya mikono, kiunoni, kwenye sehemu za siri. Mara ya kwanza, mukuno unaweza kungojea majuma 4 mpaka 6 mbele ya kuanza, na wakati huo mutu amekwisha kuupitisha kwa wengine. Katika miji yetu ambamo nyumba nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vita, watu 10 wanaweza kulala chumba kimoja, na upele huu unatembea kwa sababu ya musongamano, hapana kwa sababu ya uchafu wa mutu fulani. Basi kama nyumba yote inajikuna usiku tangu mwezi, hasa kati ya vidole, usitafute mbwa. Nendeni kituo cha afya, na wote mutibiwe siku moja, hata yule asiyejikuna bado. Ukitibu mumoja mumoja, ugonjwa unazunguka tu.

Tenye nayo inakaa kweli kwa mutu. Alama inatokea kama juma moja ao mbili baada ya kugusana na munyama ao manyoya yake: mviringo wenye pembe nyekundu zilizoinuka, katikati panaonekana pazima. Inapita tena kwa ndugu, kwa kofia, kwa taulo. Kwenye kichwa cha mutoto, nywele zinakatika na kuacha fasi tupu yenye maganda. Lakini hata hapa tusihukumu munyama mbio: kuna tenye za kichwa ambazo ni za watu wenyewe, zinapita mutoto kwa mutoto kwenye masomo, ao kwa mashine ya kunyolea isiyosafishwa.

Dawa: fasi watu wanaharibu

Mafuta ya vidanje hayatibu. Yana sumu, mbwa anayalamba, na ngozi yenye vidonda inayanywa. Kama mbwa alionekana kupona baadaye, wengine wanaweza kuwa waliugua bila mutu kujua.

Kwa upele, veterineri wengi wanatumia ivermektini, dawa ile ile ya ng'ombe na mbuzi. Nguvu yake njo hatari yake. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kwa mbwa wetu wa kilo 12, kipimo cha miligramu 0,2 kwa kilo ni miligramu 2,4, ni kusema mililita 0,24: robo tu ya mililita. Kwenye seringi ya mililita 5 robo hiyo ni vigumu hata kuiona, inaomba seringi ndogo ya mililita 1. Anayevuta "kidogo tu" kwa macho, anaweza kutoa mara nne ao tano. Mbwa aliyezidishiwa anapanuka mboni za macho, anayumba, anatoa mate, anatetemeka, kisha analala bila kuamuka, na hakuna dawa ya kuondoa sumu ile. Mbwa wa aina ya koli na wengine wa uzazi wa berje wanaweza kufa hata kwa kipimo ambacho hakidhuru mbwa wa kawaida. Kwa hiyo kupima kilo na kuamua dawa ni kazi ya veterineri. Sindano inarudiliwa baada ya siku 14, wakati mwengine mara ya tatu, kwa kupata tududu tuliotoka kwenye mayai. Na mbwa wote wa parseli wanatibiwa pamoja.

Ivermektini haifanye kitu kwa tenye. Kuvu inaomba dawa ya kuosha inayoua kuvu, na mara zingine vidonge kwa majuma mengi. Mbwa mwingi mwenye nguvu anapona mwenyewe baada ya miezi kadhaa, lakini wakati huo wote anaangusha manyoya yenye ugonjwa nyumbani.

Kwa mutu, mviringo kwenye ngozi unasikia pomadi ya kuvu kama mikonazoli ao klotrimazoli, majuma 2 mpaka 4, na kuendelea hata kama alama imepotea. Tenye ya kichwa haisikie pomadi, juu dawa haifike kwenye shina la nywele: inaomba vidonge kama grizeofulvini, vinavyotolewa na muganga. Jihadharini na pomadi za betametazoni zinazouzwa ovyo. Zinapoza wekundu kwa siku chache, mutu anafurahi, na chini yake kuvu inaenea na kupoteza umbo la mviringo. Akifika hopitali, hata muganga anaweza kuikosa.

Nyumba nayo

Kadudu ka upele kakitoka kwenye mwili wa mbwa hakaishi siku nyingi fasi ya joto. Kwenye baridi na unyevu kanaweza kudumu zaidi, mpaka majuma 2 ao 3. Kwa hiyo mwenye mbwa kwenye milima ya Butembo asikimbilie kurudisha tambara la zamani kuliko mwenye mbwa kwenye joto la Beni. Lichomwe, ao lifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Vimbegu vya tenye ni vigumu zaidi: kwenye manyoya yaliyoanguka vinaweza kudumu zaidi ya mwaka. Fagia manyoya yote na kuyachoma, osha saruji kwa sabuni, halafu njo upitishe maji ya javeli, yale tuliyozoea wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020. Javeli juu ya uchafu haifanye kazi, sabuni inatangulia. Na usimwagie munyama javeli, inachoma.

Basi mbwa anayejikuna mpaka halali, apelekwe kwa veterineri kwa kukwanguliwa. Munyama mwenye mviringo, watoto wasilale naye mpaka ajulikane, na paka wa nyumba aangaliwe pia. Na mutu ambaye mukuno wake umepitisha majuma 3 baada ya mbwa kutibiwa, aache kumulaumu mbwa na aende kuonyesha vidole vyake kwa muganga wa watu.